Tyubu, kikopo na chupa: lebo zako zinasema nini

"Shikamoo dokta. Niko Moshi, Majengo, nina mtoto wa miezi saba ananyonya. Dada wa saluni huwa ananichanganyia losheni ya mililita 400 na tyubu mbili za dawa, napaka mwili mzima asubuhi na jioni, chupa inaniishia kwa wiki mbili. Usoni napaka krimu ya kikopo niliyouziwa na jirani. Huu ni mwezi wa tano. Ngozi imekuwa laini na nyeupe kweli, ila nikikosa kupaka siku mbili mashavu yanawaka moto na kuwa mekundu. Nimesikia habari za zebaki. Nitajuaje kama imo, nitajuaje kama kuna dawa kali, na nikiacha nipake nini? Picha za lebo nimekutumia."

Marahaba, mdogo wangu. Nimezikuza picha zako mpaka herufi ndogo zikasomeka. Kabla ya mengine, shika haya mawili. Krimu ya kikopo usiipake tena, kuanzia leo. Mchanganyiko wa losheni na tyubu ni habari nyingine: mwone daktari leo au kesho kabla hujaukata ghafla, na wakati unasubiri usiupake kifuani, kwenye matiti wala mikononi anapolala mtoto. Sababu ya kutofautisha hivyo utaiona tukisoma chombo kimoja kimoja.

Naanza na tyubu, kwa kuwa katika vyote vitatu hiyo ndiyo haijakuficha kitu. Jina kubwa la rangi ni la biashara tu, liache. Teremka kwenye mstari mdogo ulio chini yake: "Clobetasol Propionate Cream 0.05% w/w". Hiyo ndiyo dawa yenyewe. Klobetasoli ni steroidi ya kupaka iliyo kwenye daraja la juu kabisa la ukali. Sisi huiandika kwa ugonjwa kama soriasisi au ukurutu uliokomaa, mahali padogo, kwa kawaida isizidi wiki mbili mfululizo na isizidi gramu 50 kwa wiki, na usoni tunaikwepa. Ni dawa ya cheti cha daktari. Kwenye rafu ya saluni haina kazi.

Ngoja nikuonyeshe namna ya kuitambua hata kama siku nyingine jina litakuwa jingine, maana zipo nyingi. Kipodozi cha kawaida huorodhesha viambato vyake bila kipimo: maji, gliserini, mafuta, manukato. Dawa huandikwa pamoja na kipimo. Ukiona asilimia ndogo kama 0.05% au 0.1% imefuatana na "w/w", hapo umeshika dawa. Pia angalia herufi zinazofuata jina: "BP", "USP" au "IP". Hizo ni alama za vitabu vya viwango vya dawa vya Uingereza, Marekani na India. Peke yake alama hiyo haitishi, maana hata mafuta ya mgando na gliserini safi huandikwa BP, lakini ikikaa kando ya jina usilolijua na asilimia ndogo, simama. Kisha sikiliza mwisho wa jina. Steroidi nyingi zinaishia na "-sone", "-lone" au "-nide": "betamethasone", "dexamethasone", "triamcinolone", "fluocinonide". Klobetasoli yenyewe inaukwepa mtego huo kwa kuishia na "-sol", kwa hiyo ikariri kwa jina. Mara nyingi nyuma yake kuna neno "propionate", "dipropionate" au "valerate". Kwenye bidhaa zilizoandikwa Kifaransa maneno hubadilishana nafasi, utaona "propionate de clobétasol" au "dipropionate de bétaméthasone", lakini dawa ni ileile.

Kuna tyubu moja ya aina yake inayowapata wengi, na inapatikana karibu kila mahali: ile yenye majina matatu kwa pamoja, ya fangasi, ya bakteria na ya steroidi. Mtu anainunua kwa ajili ya fangasi, chunusi zinanywea, uso unang'aa, anaifanya krimu ya kila siku. Kinachomng'arisha ni ile "betamethasone" iliyo katikati, na fangasi ikiwepo hubaki chini ya ngozi ikisambaa kimyakimya kwa sababu steroidi imezima wekundu na muwasho uliokuwa unaitangaza.

Sasa hesabu yako. Dada wa saluni huenda alikuambia kwamba tyubu mbili ndani ya chupa kubwa ni kidogo, imeshazimuliwa. Tupige. Kila tyubu ina gramu 25, mbili ni gramu 50. Unazimaliza kwa siku 14. Hiyo ni kama gramu tatu na nusu za krimu kila siku. Maelezo ya dawa hii yenyewe yanaonya kwamba hata gramu 2 kwa siku imeonekana kuzifanya tezi zilizo juu ya figo zipunguze kazi ya kutengeneza kotisoli, homoni ambayo mwili huitegemea unapougua, unapopata ajali au unapojifungua. Ni kweli kwamba ndani ya losheni dawa haipenyi sawasawa na inavyopenya ikiwa kwenye krimu yake, kwa hiyo sitakuapia kwamba tezi zako zimelala. Lakini umeipaka mwili mzima, mara mbili kwa siku, kwa miezi mitano badala ya wiki mbili. Nikipata mgonjwa mwenye hesabu hiyo simwambii "acha tu", namwambia aje.

Na ule moto wa mashavu ndio huo. Steroidi hubana mishipa midogo ya damu ya ngozi. Ukiiondoa, mishipa hufunguka kwa kishindo, uso unakuwa mwekundu, unachoma, wengine hutoka vipele vidogo vya usaha. Mtu akipaka tena moto unazimika ndani ya saa chache, naye anaamini kwamba ngozi yake "imeizoea" krimu na haiwezi kuishi bila hiyo. Jambo moja hapa linanishughulisha: umesema usoni unapaka kikopo, si tyubu, na bado mashavu yanawaka. Ama mchanganyiko wa mwilini unafika usoni, ama kikopo nacho kina steroidi ambayo hakikuisema. Vyote viwili hutokea.

Simama karibu na dirisha mchana, chukua kioo, ujitazame vizuri. Angalia kama kwenye mashavu na pembeni ya pua kuna vijimishipa vyekundu vyembamba kama nyuzi ambavyo havikuwepo. Angalia kama vinyweleo laini vimeongezeka pembeni mwa uso. Kwenye mapaja, kwapani na upande wa ndani wa mikono, tafuta michirizi mipya mipana yenye rangi ya zambarau au nyekundu. Ile ya uzazi unaijua ilipo, tumboni na kiunoni. Hii ya steroidi hujitokeza hata mahali ambapo hukunenepa. Kama ngozi ya nyuma ya kiganja imekuwa nyembamba hata ukijikwaruza kidogo inachubuka na kuacha doa la damu, andika na hilo, daktari atalihitaji.

Tuje kwenye kikopo. Mbele kuna picha ya mwanamke mweupe na ahadi ya siku saba. Nyuma hakuna orodha ya viambato. Hakuna anuani ya mtengenezaji, nchi tu. Tarehe ya mwisho imegongwa chini ya kikopo, lakini namba ya toleo haipo. Hayo peke yake yangetosha kukirudisha dukani, maana kipodozi kilichoingia kihalali kinatakiwa kionyeshe viambato, mtengenezaji, toleo na tarehe zake. Lakini kilichonifanya nikuambie uache leo ni maagizo yale ya Kiingereza uliyoyapita. Yanasema upake usiku tu, usiweke kikopo juani, na usiruhusu krimu iguse dhahabu, fedha, aluminiamu wala mpira.

Mtengenezaji wa losheni ya kawaida hana sababu ya kuhangaikia pete yako. Zebaki ndiyo yenye ugomvi na madini hayo. Wachimbaji wadogo wa Geita wanajua kazi hiyo vizuri: huimwaga zebaki kwenye mchanga kwa sababu inaikamata dhahabu na kushikamana nayo. Ikikutana na pete au heleni inaweza kuiharibu, ndiyo maana anayeiweka kwenye krimu anakutahadharisha juu ya vito huku amenyamaza juu ya figo zako. Onyo hilo la vito ni moja ya dalili ambazo Shirika la Afya Duniani linazitaja kwa zebaki, na kwangu mimi lina uzito kuliko picha na ahadi zote za mbele.

Wakati mwingine zebaki huandikwa wazi, kwa majina ambayo mtu wa kawaida hayashtukii: "mercury", "Hg", "calomel", "mercurous chloride", "mercuric iodide", "ammoniated mercury", "quicksilver", "cinnabaris", au Kilatini kama "hydrargyri oxydum rubrum". Kwenye sabuni za kujichubua mara nyingi ni "mercuric iodide", kiasi cha asilimia 1 hadi 3, na kwenye krimu imewahi kukutwa kati ya asilimia 1 na 10. Kuelewa ukubwa wa kiasi hicho, Mkataba wa Minamata juu ya zebaki, ambao Tanzania ni mwanachama, uliweka mpaka wa sehemu moja kwa milioni kwa vipodozi, na baadaye nchi wanachama zikakubaliana kuondoa hata nafasi hiyo ndogo. Krimu yenye asilimia 1 tu imeuvuka mpaka huo mara elfu kumi.

Fungua mfuniko uangalie ukingo. Krimu yenye chumvi za zebaki hubadilika ikikaa kwenye mwanga na hewa, ikawa ya kijivu au yenye weusi kidogo pembeni na chini ya mfuniko. Ukikuta hivyo, dalili imeongezeka. Ukikuta nyeupe pee, usifurahi bado, maana hiyo haiondoi kitu. Na lile jaribio linalozunguka mitaani la kusugua krimu na pete ya dhahabu, achana nalo. Pete inaweza isibadilike kabisa hali zebaki imo, nawe utakuwa umejipa ruhusa kwa jaribio lisilopima. Jibu la uhakika linatoka maabara. Lebo inaweza kukupa sababu ya kukataa bidhaa, ila haiwezi kuisafisha. Hata maandishi ya "mercury free" hayana maana yoyote kwenye kikopo kisicho na orodha ya viambato.

Zebaki inang'arisha kwa kuharibu kimeng'enya kinachotengeneza rangi ya ngozi, na haibaki juu ya ngozi. Inaingia kwenye damu na kukaa zaidi kwenye figo. Jirani zetu walilijua hili zamani. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika juu ya wagonjwa 60 waliokuwa wamevimba kwa figo kuvujisha protini, na zaidi ya nusu yao walikuwa wakipaka krimu za kujichubua zilizokuwa na zebaki. Jambo la kutia nguvu katika kazi yao ni kwamba wengi kati ya walioziacha figo zao zilipata nafuu. Kwa hiyo dalili za kuangalia kwako ni mkojo wenye povu linalokaa, uso na kope kuvimba asubuhi, miguu kujaa jioni. Nyingine ni za mishipa ya fahamu: ganzi kwenye vidole, mikono kutetemeka, usingizi kupotea, hasira na huzuni visivyo na sababu.

Mtoto ndiye ninayemuwaza zaidi. Zebaki ya krimu inatoa mvuke hata ikiwa ndani ya nyumba tu, inabaki kwenye mto, taulo na kanga unayombebea, inapita kwenye maziwa kwa kiasi fulani, na mtoto wa miezi saba kila anachoshika anakipeleka mdomoni, shavu lako likiwemo. Ukimwona viganja na nyayo zimekuwa nyekundu na kubambuka, anatoka jasho jingi, analia bila kutulia, amelegea misuli au hakui vizuri, mpeleke siku hiyohiyo na utaje neno zebaki mapema, maana dalili hizi hufanana na mambo mengine mengi. Kunyonyesha usikatishe kwa uamuzi wako mwenyewe. Kwa mama wengi chanzo kikishaondolewa daktari huona heri aendelee, lakini huo uamuzi ufanywe baada ya wewe kuonwa.

Kikopo chenyewe usikitupe kwenye jiko la mkaa wala kwenye shimo la kuchomea taka. Moto unaigeuza zebaki kuwa mvuke, na mvuke ndio mbaya zaidi kuuvuta. Usikimwage chooni pia. Kifunge vizuri, kiweke ndani ya chupa ya kioo yenye mfuniko wa kukaza, mtoto asikifikie, kisha uende nacho hospitali. Nawa uso na mikono kwa sabuni, fua mashuka na taulo peke yake bila kuchanganya na nguo za mtoto, na foronya uliyoilalia miezi yote hiyo itoe nyumbani.

Sasa ile chupa kubwa. Hapa nina habari nzuri. Orodha yake imeandikwa yote, na inaanza hivi: "Aqua, Glycerin, Paraffinum Liquidum, Cetearyl Alcohol, Petrolatum, Dimethicone". Namba ya toleo ipo, tarehe zipo, mtengenezaji na anuani yake wapo. Hii ni losheni ya kawaida kabisa ya mwili. Ulaini ulioupenda, sehemu kubwa, umetoka hapa, kwenye gliserini inayovuta maji na mafuta yanayoyazuia yasitoke. Weupe umetoka kwenye tyubu. Kwa hiyo swali lako la mwisho lina jibu ambalo tayari ulikuwa unalilipia: losheni ileile, chupa mpya iliyofungwa, bila kuongezwa kitu. Hiyo iliyochanganywa haitenganishiki tena, ipeleke kwa daktari pamoja na vingine.

Kwenye orodha ya kipodozi, vitu huanza na kilicho kingi kwenda kwa kilicho kidogo. Unataka gliserini iwe kwenye vitatu au vinne vya mwanzo, na karibu yake kuwe na kitu cha kufunga maji: "Petrolatum", "Paraffinum Liquidum", "Dimethicone" au mafuta ya shea, ambayo huandikwa "Butyrospermum Parkii". Wasomaji wengi hushtuka wakiona "Cetearyl Alcohol" wakidhani ni spiriti. Hiyo ni nta laini, haikaushi ngozi. Kinachonifanya niweke losheni chini ni neno "hydroquinone" popote pale, maneno kama "éclaircissant" au "lightening" yakiambatana na ahadi ya siku, na stika iliyobandikwa juu ya lebo ya asili kuficha kilicho chini. Alama ya TBS, shirika la viwango la Tanzania, itafute pia, lakini isome pamoja na mengine hayo, maana stika ya alama nayo hughushiwa.

Losheni za kupimiwa kwenye vichupa, hata ukiambiwa zimetoka kwenye dumu la kampuni unayoiamini, usinunue. Pale lebo imekufa na huna cha kusoma.

Kwa wiki za kwanza, ngozi yako ikiwa bado inawaka, chagua isiyo na manukato. Usoni hata losheni inaweza kukuchoma kwa siku hizo, na hapo mafuta ya mgando ya kawaida, yale yasiyo na harufu, paka mepesi, yatakutosha. Si ya kifahari, lakini hayana cha kuudhi ngozi iliyochubuka. Mwilini paka mara tu utokapo kuoga, ngozi ikiwa na unyevu bado, ndani ya dakika tatu hivi, kwa sababu losheni kazi yake kubwa ni kuyafungia maji yaliyopo. Mtu mzima anahitaji kama mililita 25 hadi 30 kwa mwili mzima kwa mara moja, kiasi ambacho wengi hawafikii. Wakati wa baridi, kuanzia Juni mpaka Agosti, na zaidi kwa ndugu zako walio Arusha ambako ni juu na hewa inauma, losheni nyepesi haitoshi miguuni. Ongezea mafuta ya mgando juu yake usiku. Gliserini ya duka la dawa nayo ni nzuri na bei yake si kubwa, ila isipakwe peke yake. Changanya kijiko kimoja cha gliserini na viwili vya maji safi yaliyochemshwa yakapoa, tengeneza ya siku moja au mbili tu kwa kuwa haina cha kuzuia vijidudu.

Ndimu, dawa ya meno na magadi usoni, hapana. Najua utashauriwa, maana watu hawakosi ushauri wakiona uso unabadilika.

Na utabadilika. Weusi utarudi, na hautarudi sawasawa: shingoni haraka, kwenye vifundo vya vidole utakuta palipokuwa na sugu panachelewa, mashavuni madoa kwa muda. Hiyo ni kazi ya wiki na miezi. Jua la mchana ndilo linalokoleza madoa, kwa hiyo mwavuli na kanga kichwani vinasaidia kweli, na krimu ya kuzuia jua yenye "SPF 30" au zaidi ukiipaka vya kutosha. Kama mwanzo wa safari yote hii ilikuwa madoa ya ujauzito mashavuni, mweleze daktari. Yapo matibabu ya madoa hayo, likiwemo la asidi ya azelaiki ambalo wengi huruhusiwa hata wakiwa wananyonyesha, ila hupangwa baada ya ngozi kutulia.

Turudi kwenye kuacha, maana hapo ndipo wengi hupotea. Zebaki haipunguzwi taratibu, unaikata mara moja. Steroidi kali iliyopakwa mwili mzima kwa miezi hupunguzwa kwa ngazi: daktari anaweza kukuhamishia kwenye iliyo nyepesi zaidi, akipunguza siku na sehemu za kupaka, na akiona haja atapima kotisoli ya asubuhi. Siku yoyote utakayosikia kizunguzungu ukisimama, kutapika, udhaifu wa kushindwa kunyanyuka au kuzimia, nenda dharura, na maneno ya kwanza kumwambia nesi yawe kwamba ulikuwa unapaka klobetasoli mwili mzima ukaacha. Ukipata homa au ukihitaji upasuaji ndani ya miezi ijayo, sema hivyohivyo.

Wewe uko Moshi, una bahati ya kuwa karibu na kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC tangu miaka ya 1990. Ukishindwa kufika huko, hospitali ya Mawenzi inaweza kuanza. Vipimo vya kuomba siku ya kwanza ni vya kawaida: presha, sukari, protini kwenye mkojo na kreatinini kwa ajili ya figo, na mtoto apimwe uzito na aangaliwe. Kipimo cha zebaki kwenye mkojo huenda kikahitaji sampuli kusafirishwa, lakini vile vya kawaida visisubiri hicho. Usianze dawa za kusafisha damu unazoziona zikitangazwa, figo zako zisiongezewe mzigo.

Beba vyombo vyote vitatu na maboksi yake kama bado unayo, hata yakiwa yamechakaa. Ukitoka kwa daktari, kikopo ni suala la TBS, ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia vipodozi, na tyubu iliyouzwa bila cheti ni suala la TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Huna haja ya kumtaja jirani yako kwa jina ili taarifa ipokelewe. Picha ya lebo mbele na nyuma, na mahali ilipouzwa, vinatosha kwa kuanzia. Ila jirani mwenyewe mwambie kuhusu lile onyo la dhahabu, maana kama ana kikopo cha kuuza, kuna kingine anachopaka.